Swali Moja, Mstari Mmoja: Jedwali la Benki ya Maswali kwa Mwalimu wa Hisabati

(Hotuba kwa walimu wa Hisabati wa shule za msingi katika mafunzo ya kata, iliyoandikwa upya ili isomwe.)

Ndugu Afisa Elimu Kata, walimu wakuu, walimu wa taaluma na walimu wenzangu wa Hisabati, nawasalimu na kuwashukuru kwa nafasi hii.

Nimeombwa nieleze namna mwalimu anavyoweza kutunza maswali yake katika jedwali, kila swali likiwa limewekewa mada, kiwango cha ugumu, alama na jibu, ili mwakani asianze kutunga upya. Wengi wetu tuna maswali mengi, lakini yamelala ndani ya mitihani ya zamani, na kulipata swali moja la sehemu kunatulazimu kufungua faili baada ya faili. Jedwali linaondoa usumbufu huo. Hata hivyo, nataka tuone jambo jingine ambalo mara nyingi husahaulika: nusu ya yale yanayostahili kuandikwa kuhusu swali hatuyajui siku tunapolitunga. Tunayajua baada ya kusahihisha, na tusipoyaandika wakati huo, yanapotea.

Nitatumia programu ya lahajedwali kama Excel, ambayo wengi wetu tunaweza kuifungua hata kwenye vishikwambi tulivyogawiwa baada ya Sensa ya mwaka 2022. Kanuni ya kwanza ni kwamba kila swali linakaa kwenye mstari wake, na kila taarifa kuhusu swali hilo inakaa kwenye safu wima yake. Usiweke maswali mawili katika mstari mmoja kwa sababu yanafanana, wala usiunganishe seli ili jedwali lipendeze machoni, kwa kuwa seli zilizounganishwa huvuruga kazi ya kupanga na kuchuja. Safu wima zangu ni hizi, kutoka kushoto: A ni namba ya swali, B darasa, C mada, D swali lenyewe, E jibu sahihi, F hadi H vipotoshi vitatu, I mwongozo wa usahihishaji, J alama, K makisio ya ugumu, na L ni ya kuteua. Namba ya swali, kwa mfano H6-014, ikishatolewa haibadiliki na haitolewi tena kwa swali jingine hata kama lile la kwanza limestaafishwa.

Tuchukue swali moja la Darasa la Sita tulifuate mpaka mwisho. Swali linasema: Tafuta jumla ya 3/4 na 1/6. Jibu ni 11/12. Mara tu ukiandika jibu hilo kwenye Excel utakutana na kikwazo cha kwanza, maana programu itadhani umeandika tarehe, na 11/12 itageuka kuwa siku fulani ya Desemba au Novemba kutegemea mpangilio wa kompyuta. Ukijaribu kurekebisha baadaye kwa kubadili aina ya seli, utaona namba ya tarakimu tano isiyo na uhusiano wowote na sehemu. Dawa ni kuteua safu wima za majibu na vipotoshi kabla ya kuandika chochote na kuzipa muundo wa Text. Kama umesahau, anza kuandika kwa alama ya mkato wa juu, yaani '11/12, nayo itabaki kama ulivyoiandika. Mwalimu wa Hisabati anapaswa kulijua hili mapema kuliko mwalimu wa somo lolote jingine.

Sasa tuje kwenye jibu, kwa sababu hapa ndipo majedwali mengi yanapoharibika. Desturi yetu ni kuandika herufi tu: jibu ni C. Herufi hiyo ni sahihi kwa karatasi moja iliyochapwa kwa mpangilio mmoja. Siku utakapobadili mpangilio wa majibu ili mkondo A na mkondo B wasinakiliane, C itakuwa kitu kingine, na jedwali litakuwa na jibu lisilo kweli bila dalili yoyote. Kwa hiyo ndani ya benki tunaandika jibu lenyewe, 11/12, katika safu yake, na vipotoshi katika safu zake. Herufi inazaliwa pale tu karatasi ya mtihani inapoandaliwa, nayo inaishia kwenye mwongozo wa karatasi hiyo.

Vipotoshi navyo havipaswi kuwa namba za kubahatisha. Kwa swali letu nimeweka 2/5, 1/3 na 7/12, na kila kimoja kina chanzo chake. Mwanafunzi anayejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili anapata 4/10, ambayo ni 2/5. Anayejua kwamba Kigawe Kidogo cha Shirika cha 4 na 6 ni 12, lakini akaacha kiasi kama kilivyokuwa, anapata 4/12, yaani 1/3. Aliyetoa badala ya kujumlisha anapata 7/12. Maelezo hayo matatu mafupi yanaandikwa kwenye safu ya mwongozo, hata kama swali ni la kuchagua na halihitaji mwongozo ili kulisahihisha. Yanahitajika baada ya hapo, mwalimu anapouliza kwa nini darasa limekosa.

Kwa maswali ya kuonesha njia, safu ya mwongozo inabeba uzito zaidi. Chukua swali hili: Mfanyabiashara alinunua redio kwa shilingi 40,000 akaiuza kwa shilingi 46,000. Tafuta asilimia ya faida. Safu ya alama inasema 3, lakini tarakimu hiyo peke yake haimsaidii mwalimu atakayelitumia swali mwakani. Mwongozo unapaswa kusema kwamba alama ya kwanza ni ya kupata faida ya shilingi 6,000, ya pili ni ya kuigawanya faida kwa bei ya kununulia na kuzidisha kwa 100, na ya tatu ni ya jibu la asilimia 15. Kisha unapaswa kuamua mapema kuhusu wale watakaokosea. Mwanafunzi aliyetoa vibaya akapata faida ya 5,000, halafu akaendelea kwa njia sahihi hadi asilimia 12.5, anapewa alama ngapi? Mimi naandika kwamba anapata alama ya pili peke yake, kwa sababu njia ni sahihi ingawa namba aliyoanza nayo si sahihi. Aliyegawanya kwa bei ya kuuzia, 46,000, anapata alama ya kwanza tu. Mwalimu mwingine anaweza kuamua tofauti, na hakuna ubaya, ilimradi uamuzi umeandikwa, maana bila maandishi hayo alama 3 za mwaka huu na alama 3 za mwaka ujao hazipimi kitu kimoja, na kulinganisha madarasa mawili kutakuwa ni kujidanganya.

Kuhusu mada, sitakaa sana. Chukua majina ya mada kutoka kwenye muhtasari wa somo, yaandike kwenye karatasi ya pembeni ndani ya faili lile lile, kisha tumia Data Validation ili safu ya mada ikubali majina hayo tu. Sababu ni kwamba programu haisomi kama tunavyosoma sisi: ukiandika "Sehemu" na kubonyeza nafasi baada yake bila kujua, kwa macho ni neno lile lile, lakini kwa kompyuta ni mada nyingine, na alama za swali hilo hazitahesabiwa utakapojumlisha alama za mada. Kuna swali gumu zaidi la kuamua: lile la redio ni la asilimia au ni la faida na hasara? Kanuni ninayoitumia ni kuliweka chini ya ujuzi ambao mwanafunzi akiukosa hawezi kulimaliza hata kama anajua mengine yote, na ambao hasa ndio niliokusudia kuupima. Hapa ni asilimia, kwa kuwa faida yenyewe inapatikana kwa kutoa tu. Swali moja lipewe mada kuu moja. Likipewa mbili katika seli moja, hesabu ya alama kwa mada haitakubaliana na jumla ya mtihani.

Nimefika kwenye safu ambayo ndiyo iliyonifanya nikubali kuzungumza leo, nayo ni ya ugumu. Tunapotunga tunaandika rahisi, wastani au gumu, na tunaandika kwa kujitazama sisi wenyewe. Swali la 3/4 na 1/6 lina mstari mmoja, namba ndogo na hatua chache, kwa hiyo mwalimu huandika rahisi bila kusita. Hayo ni makisio, na ndiyo maana safu hiyo nimeiita makisio. Kipimo kinatoka kwa wanafunzi. Tuseme wanafunzi 60 wamelifanya swali hilo, na 27 wakachagua 11/12. Gawanya 27 kwa 60, unapata 0.45. Kiwango hicho nakiita kiwango cha kufaulu, kwa sababu namba ikiwa kubwa swali ni jepesi, na kukiita kiwango cha ugumu kungemchanganya anayesoma. Kwa swali la alama nyingi, gawanya jumla ya alama zote walizopata kwa jumla ya alama ambazo wangeweza kupata. Wanafunzi 60 kwa alama 3 ni alama 180, na kama wamepata 81, kiwango ni 0.45 vilevile.

Kwa swali la kuchagua lenye majibu manne, kumbukeni kwamba mwanafunzi anayebahatisha tu ana nafasi moja kati ya nne. Kwa hiyo kiwango cha 0.30 kina maana tofauti na kile cha 0.30 katika swali la kuonesha njia: kwenye kuchagua kiko karibu sana na 0.25, na huenda kinaashiria kwamba karibu darasa zima lilikuwa linabahatisha.

Katika mfano wetu, waliobaki 33 waligawanyika hivi: 20 walichagua 2/5, 5 walichagua 1/3 na 8 walichagua 7/12. Namba hiyo ya 20 ina thamani kuliko hata ile 0.45. Inasema theluthi moja ya darasa bado inajumlisha asili kwa asili, na inamwambia mwalimu afundishe nini upya kabla ya kuendelea mbele. Tusingejua hivyo kama vipotoshi vingekuwa namba za kujaza nafasi.

Matokeo haya yasiandikwe kwenye jedwali la maswali. Fungueni karatasi ya pili ndani ya faili, iitwe Matumizi, ambamo kila mara swali linapotumika linapata mstari mpya: A namba ya swali, B tarehe, C mkondo, D idadi ya waliofanya, na E jumla ya alama walizopata. Ukiandika matokeo mapya juu ya yale ya zamani, unapoteza historia, na historia ndiyo inayoonesha kama swali limeanza kuvuja. Kwenye jedwali la maswali, safu ya M inakokotoa yenyewe kiwango cha kufaulu kutoka kwenye karatasi hiyo ya pili:

```
=SUMIFS(Matumizi!E:E,Matumizi!A:A,A2)/(SUMIFS(Matumizi!D:D,Matumizi!A:A,A2)*J2)
```

Mstari ukionesha #DIV/0!, msishtuke, kwani mara nyingi ni kwamba swali hilo halijawahi kutumika, na makisio ndiyo pekee tuliyo nayo.

Kuna kipimo kingine kimoja ninachowaomba mkifanye, angalau kwa mitihani ya muhula. Panga karatasi kuanzia mwenye alama nyingi hadi mwenye alama chache, kisha chukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini. Kiwango hicho kilipendekezwa na mtaalamu wa vipimo vya elimu, Truman Kelley, mwaka 1939 na bado kinatumika hadi leo. Kwa darasa la 60 ni wanafunzi 16 kila upande. Hesabu waliopata swali katika kundi la juu, toa waliopata katika kundi la chini, gawanya kwa 16. Kwa swali letu la sehemu, ikiwa 13 wa juu wamepata na 4 wa chini wamepata, jibu ni 9 kwa 16, yaani takriban 0.56, na swali hilo linawatenganisha vizuri wanaojua na wasiojua.

Faida kubwa ya hesabu hii ni pale inapotoka hasi. Tuseme swali jingine linauliza Kigawe Kidogo cha Shirika cha 12 na 18. Katika kundi la juu wamepata 2 tu, na katika kundi la chini wamepata 7. Ukitoa na kugawanya unapata takriban -0.31. Haiwezekani wanafunzi dhaifu wakalijua somo kuliko wanafunzi bora, kwa hiyo usianze kuwalaumu wanafunzi, nenda moja kwa moja kwenye safu ya jibu sahihi. Utakuta imeandikwa 6, ambacho ni Kigawo Kikubwa cha Shirika, wakati jibu ni 36, na wale 13 wa kundi la juu waliochagua 36 walinyimwa haki yao. Jibu likiwa sahihi na namba bado ni hasi, lisome swali upya, huenda lina majibu mawili yanayokubalika au neno moja limewapotosha wasomaji makini. Kwa njia hii mwalimu anaweza kugundua kosa katika jedwali lake bila kupitia upya kila jibu.

Nawasihi tuwe waangalifu na namba hizi. Darasa la wanafunzi 40 ni dogo, na kiwango cha 0.50 kingeweza kuwa 0.40 au 0.60 kwa wanafunzi wengine wa uwezo ule ule kwa bahati tu. Kwa hiyo swali la 0.50 na la 0.58 ni sawa kwa matumizi yetu. Pia kiwango hicho ni cha darasa hilo, wakati huo. Swali la asilimia lililotolewa wiki moja baada ya kufundishwa litakuwa na kiwango kizuri kuliko lilipotolewa mwisho wa muhula, na ndiyo sababu tarehe iko kwenye Matumizi.

Wakati wa kuunda mtihani, weka herufi x kwenye safu ya L kwa kila swali unalolitaka, na mahali pembeni andika hesabu ya alama za mada:

```
=SUMIFS(J:J,C:C,"Sehemu",L:L,"x")
```

Hesabuni alama, si maswali. Maswali matano ya alama moja ya sehemu na swali moja la alama tano la maumbo yana uzito sawa katika jumla, ingawa kwa macho sehemu inaonekana imetawala karatasi. Kama mada ya sehemu imechukua vipindi 12 kati ya 40 vya muhula, basi katika mtihani wa alama 50 inastahili alama 15, na fomula hiyo itawaambia kama mmezidisha au mmepunguza. Jambo la tahadhari hapa ni kupanga: mkipanga safu moja peke yake, mfano alama, huku safu nyingine zikibaki zilipo, kila swali linapata alama na jibu la jirani yake. Geuzeni eneo lote kuwa jedwali kwa Ctrl+T kabla ya kuanza kazi, ili mistari isogee kwa pamoja. Na mnapokwenda steshenari kuchapa, pelekeni karatasi ya maswali tu ikiwa imehifadhiwa kama PDF, kamwe si faili la benki, kwa sababu majibu yote yamo humo na kompyuta ile inatumiwa na watu wengi.

Linabaki suala la kutumia tena. Walimu wengi hubadili namba wakiamini wamebaki na swali lile lile. Badilisha 1/6 kuwa 1/8 katika swali letu. Sasa asili 8 ni kigawe cha 4, mwanafunzi anabadili sehemu moja tu, 3/4 kuwa 6/8, na jibu ni 7/8. Hatua moja imeondoka, na yule ambaye hajui kutafuta Kigawe Kidogo cha Shirika anaweza kupita. Hilo ni swali jipya, linahitaji namba mpya katika jedwali, na kiwango cha 0.45 hakiendi nalo. Ukitaka swali la uzito unaokaribiana, tafuta asili mbili ambazo hakuna iliyo kigawe cha nyingine lakini zina kigawo cha shirika kinachozidi 1, kama 6 na 9: 5/6 + 1/9, ambayo ni 17/18. Hata hilo lipimwe upya, kwa sababu namba kubwa zina makosa yake.

Swali ambalo kiwango chake kinapanda kila mwaka, kutoka 0.45 hadi 0.60 na kisha 0.80, wakati maswali mengine ya mada hiyo hiyo yamebaki palepale, huenda limeshaingia kwenye madaftari ya wadogo zao na kwenye masomo ya ziada. Libakie kwenye jedwali, lakini lihamishiwe kwenye mazoezi ya darasani, na kwenye safu ya kuteua liandikwe kwamba halitumiki tena kwa mtihani.

Naomba kila mwalimu aliyesahihisha jaribio la mwezi huu aje kwenye kikao kijacho na karatasi za wanafunzi wake, zikiwa zimepangwa kuanzia alama ya juu hadi ya chini, ili tujaze karatasi ya Matumizi kwa pamoja tukianza na mada ya sehemu. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.